Kasongo na Kabambare: Maziwa ya kopo yakimsumbua mtoto, mama aache nini na ale nini?

Mtoto ana miezi mitano. Kwa wiki sita sasa choo chake ni chepesi na kina ute, na mara mbili au tatu kwa wiki mama anaona ndani yake uzi mwembamba wa damu. Mashavu yamekuwa makavu na yenye vipele, na usiku mtoto analia huku akikunja miguu. Amekwisha kunywa dawa ya amiba mara mbili na dawa ya minyoo mara moja, lakini hakuna kilichobadilika. Jirani anasema ni meno. Bibi wa mtoto anasema maziwa ya mama yameharibika, heri aache kunyonyesha.

Mtoto huyu ni wa mfano. Tumemchukua ili kuonyesha hatua ambazo muuguzi wa kituo cha afya na mzazi wanaweza kufuata pamoja katika wilaya za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, pale inapoanza kudhaniwa kwamba mtoto anakataa protini ya maziwa ya ng'ombe. Dalili zake ni zile zinazojulikana katika ugonjwa huo, na vyakula vinavyotajwa ni vile vinavyouzwa kwenye masoko yetu.

Wengine watauliza: ng'ombe wako wapi Kasongo? Ni kweli, huku kwetu ng'ombe ni wachache, na mbung'o ni moja ya sababu. Lakini maziwa ya ng'ombe yanatufikia yakiwa unga, ndani ya makopo na vipakiti vidogo vinavyouzwa kila duka. Yanaingia katika chai, katika mandazi, na katika biberoni ya mtoto ambaye mama yake amerudi shambani.

Ugonjwa wenyewe ni nini

Maziwa ya ng'ombe yana protini zake, tofauti na za maziwa ya mama. Kwa watoto wachache, mwili unazipokea protini hizo kama adui na kupigana nazo. Vita hiyo inaonekana kwenye utumbo, kwenye ngozi, au mara nyingine kwenye pumzi. Huo ndio mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji. Si sawa na tumbo la mtu mzima linalojaa gesi akinywa maziwa, kwa sababu hilo linatokana na sukari ya maziwa na haliharibu utumbo.

Aina ni mbili, na kuzitofautisha ni jambo la kwanza. Aina ya haraka inatokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya mtoto kunywa: mwili unavimba mabaka, midomo na macho yanavimba, mtoto anatapika mfululizo au anapumua kwa shida. Huyo anapelekwa hospitali mara moja, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumjaribishia tena maziwa nyumbani. Aina ya polepole inachukua saa nyingi au siku kadhaa kuonekana. Inaleta choo chenye ute na damu, kutapika, ukurutu wa ngozi na kilo zisizopanda. Mtoto wetu wa mfano yuko katika aina hii ya pili.

Ugonjwa huu si wa watoto wengi. Uchunguzi mmoja mkubwa wa Ulaya, uliofuata watoto zaidi ya 12,000 katika nchi tisa, uliwapata watoto wenye aleji iliyothibitishwa kuwa chini ya mmoja kwa kila mia. Kwa hiyo si kila mtoto anayehara ana aleji. Huku kwetu, mtoto mwenye damu kwenye choo pamoja na homa ana kuhara damu mpaka ionekane vingine, na anahitaji kutibiwa siku hiyohiyo. Homa inapimiwa malaria. Mtoto anayelia kwa vipindi vikali, anayetapika matapishi ya kijani na kutoa damu kama jeli anaweza kuwa na utumbo ulioingiliana, na huyo ni wa chumba cha upasuaji. Ni baada ya kuondoa magonjwa hayo ndipo tunaanza kufikiria maziwa.

Kipimo ni kumbukumbu ya mama

Mtu anaweza kudhani kwamba tunashindwa kwa sababu hatuna laboratware kubwa. Lakini kwa aina ya polepole, kipimo cha damu na cha ngozi havisaidii hata katika hospitali za Ulaya, kwa sababu vinatafuta alama ambayo aina hii haina. Huko pia daktari anarudi kwenye njia ileile: kuuliza vizuri, kuondoa maziwa, kisha kuyarudisha na kutazama. Njia hiyo inawezekana Kasongo mjini, inawezekana Saramabila, na inawezekana kijijini, mradi tu kuna daftari, kalamu, mzani na mtu mwenye subira.

Muuguzi anaanza na fishi ya kilo. Hilo si jambo geni Kasongo. Tangu miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, uliofanya kazi pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, uliwafuata watoto wadogo wa hapa, na makala yake juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Mtoto wetu alizaliwa na kilo 3,1. Mwezi wa kwanza alikuwa na 4,0, wa pili 4,9, wa tatu 5,6. Mwezi wa nne alipimwa 5,8, na wa tano 5,9. Ukitazama namba ya mwisho peke yake, mtoto bado hajaingia katika utapiamlo. Ukitazama mstari mzima, unaona kwamba katika miezi miwili iliyopita ameongeza gramu 300, wakati mtoto wa kike wa umri huo kwa kawaida huongeza zaidi ya kilo moja. Kitu kilitokea kuanzia mwezi wa tatu.

Hapo muuguzi anauliza, naye anaandika majibu bila kumkaripia mama. “Mama, mtoto alianza lini kunywa kitu kingine kisicho ziwa lako?” Mama anajibu kwamba ni alipofikisha miezi mitatu, wakati wa kuvuna mpunga. Bibi alikuwa akimpa biberoni mbili kwa siku, mchana na jioni. “Ni maziwa gani?” Ni maziwa ya unga ya kawaida, yale ya chai, si yale ya watoto wachanga. “Mnaweka vijiko vingapi, na maji kiasi gani?” Kijiko kimoja kwa biberoni nzima, ili kopo lisiishe haraka. “Maji yamechemshwa?” Mara nyingine. “Choo kilianza kubadilika lini?” Kama wiki mbili baada ya biberoni ya kwanza.

Kisha anauliza juu ya chakula cha mama mwenyewe, kwa sababu kiasi kidogo sana cha protini ya maziwa anayokunywa mama kinapita hadi kwenye ziwa. Mama anakunywa chai ya maziwa asubuhi, pakiti moja kila siku. Ananunua mandazi sokoni. Na kaka wa mtoto, mwenye miaka miwili, yuko katika matibabu ya utapiamlo na anapewa Plumpy'Nut. “Wewe pia unaonja, mama?” Mama anacheka: anamaliza kilichobaki kwenye pakiti. Plumpy'Nut ina karanga, mafuta na sukari, lakini pia ina unga wa maziwa. Swali hili linasahaulika mara nyingi, na likisahaulika jaribio lote linaharibika.

Mwisho anauliza juu ya familia: kuna mwenye pumu, ukurutu au aleji? Baba wa mtoto alikuwa na pumu alipokuwa mdogo. Jibu hilo halithibitishi kitu, lakini linaongeza uzito kwenye mizani.

Hatua ya kwanza: biberoni inaondoka, ziwa linabaki

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Mtu akisikia neno aleji, anaondoa kila kitu kwa siku moja, na kosa baya zaidi ni kumwachisha mtoto ziwa. Maziwa ya mama ndiyo chakula na dawa ya mtoto huyu. Kumwachisha katika kijiji ambako maziwa maalumu ya watoto wenye aleji hayauzwi ni kumsukuma katika utapiamlo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni moja tu: biberoni inaondolewa, mtoto anarudi kwenye ziwa peke yake, na mama anaendelea kula kama kawaida. Akienda shambani, anakamua maziwa yake kwenye kikombe safi chenye kifuniko, na bibi anayatoa kwa kikombe na kijiko ndani ya saa nne, yakiwa yamewekwa mahali penye baridi. Ziwa likinyonywa mara nyingi zaidi, mchana na usiku, maziwa yanaongezeka ndani ya siku chache.

Kwa nini mama haachi maziwa kwanza? Kwa sababu watoto wengi ambao dalili zao zilianza na biberoni wanatulia biberoni ikiondoka, na mama hana haja ya kujinyima kitu. Sababu ya pili ni kwamba biberoni ile ilikuwa na makosa matatu kwa pamoja. Maji yalikuwa na wadudu, maziwa yalikuwa mepesi mno, na maziwa ya unga ya kawaida yanaweza kuutoa utumbo wa mtoto mchanga damu kidogo hata kama hana aleji. Mtoto akipona baada ya kuacha biberoni tunafurahi, lakini bado hatujui ni lipi kati ya hayo lililomgonjesha.

Mtoto wetu baada ya wiki mbili amepata nafuu ya nusu. Kuhara kumepungua na ameongeza gramu 250. Lakini uzi wa damu unaonekana bado mara moja au mbili kwa wiki, na ukurutu uko palepale. Sasa tuna sababu ya kwenda hatua ya pili.

Hatua ya pili: mama anaacha maziwa kwa wiki mbili hadi nne

Mama anaacha maziwa ya aina yote: ya unga, ya maji, mtindi, jibini, siagi, na kila chakula kilichotiwa maziwa. Kwa mandazi anamuuliza anayeyapika. Kwa vitu vya pakiti anasoma maandishi. Neno la maziwa kwa Kifaransa tunalijua sote, lakini maziwa yanajificha pia nyuma ya jina kazeini na majina yanayoanza na lakto. Biskuti nyingi na baadhi ya majarini zina maziwa. Mabaki ya Plumpy'Nut ya kaka anayaacha, na hilo ni jema kwa kaka pia, maana pakiti ile ni dawa yake.

Kuna vitu vitatu ambavyo watu hudhani vinaweza kuchukua nafasi ya maziwa ya ng'ombe. Cha kwanza ni maziwa ya mbuzi. Mbuzi ni wengi kwetu, lakini protini za maziwa yake zinafanana sana na za ng'ombe, na karibu kila mtoto anayekataa maziwa ya ng'ombe atakataa pia ya mbuzi. Cha pili ni kuchemsha maziwa muda mrefu. Kuchemsha kunaua wadudu, lakini hakuondoi aleji. Cha tatu ni maziwa ya soya yaliyotengenezwa nyumbani. Mama anaweza kuyanywa, lakini si chakula cha mtoto mchanga, na hayana kalsiamu ya maana.

Mama haachi kitu kingine. Haachi mayai, samaki, karanga wala pilipili. Akiacha vitu vitano kwa pamoja atapungua nguvu, na mtoto akipona hatutajua ni kipi kilichokuwa kinamsumbua.

Kila siku mama, au mtu wa nyumbani anayejua kuandika, anaweka alama nne kwenye daftari: choo ni mara ngapi, damu ipo au haipo, ngozi ikoje, usingizi ukoje. Kila wiki mtoto anapimwa kilo. Damu kwa kawaida inatoweka ndani ya siku chache hadi wiki mbili, ukurutu unachelewa zaidi. Wiki nne zikipita bila mabadiliko yoyote, na mama amefuata kweli, basi maziwa si sababu. Mama anarudi kula kama zamani, na muuguzi anamtuma mtoto kwa daktari akatafute jambo lingine.

Kwa mtoto wetu, damu ya mwisho ilionekana siku ya tano. Wiki ya tatu mashavu yalikuwa laini na usiku ulikuwa na usingizi.

Hatua ya tatu: maziwa yanarudishwa

Hakuna mama anayependa hatua hii. Mtoto amepona, kwa nini kumchokoza? Jibu ni kwamba dalili hizi, hasa damu kidogo kwenye choo cha mtoto anayenyonya, mara nyingi hupona zenyewe. Bila kurudisha maziwa, mama anaweza kujinyima miezi kumi kwa sababu ya ugonjwa ambao haupo, na mtoto ataitwa mwenye aleji mpaka shuleni.

Anayekunywa maziwa ni mama, si mtoto. Kwa wiki moja mama anarudia chai yake ya maziwa kila siku, kiasi kilekile cha zamani, wakati mtoto hana homa wala mafua, na haanzishi kitu kingine kipya. Jaribio hili ni la aina ya polepole peke yake. Mtoto aliyewahi kuvimba midomo au kupumua kwa shida halifanyiwi nyumbani.

Wiki ikipita bila dalili, mama ameshinda: anakula kila kitu. Dalili zikirudi, anaacha mara moja, na zikitoweka tena kwa mara ya pili, ugonjwa umethibitishwa. Kwa mtoto wetu, uzi wa damu ulirudi siku ya nne na vipele siku ya tano. Mama aliacha chai ya maziwa, na baada ya wiki moja choo kilikuwa safi. Sasa si dhana tena.

Kuanzia hapo maziwa yanaachwa kwa miezi sita hivi, au mpaka mtoto afike miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha yanajaribiwa upya. Watoto wengi wa aina ya polepole wanaondokewa na aleji hii wakiwa bado wadogo. Mama ndiye anaanza. Akiwa salama, mtoto anapewa kipande kidogo cha biskuti iliyookwa na maziwa, kinachoongezwa polepole, kwa sababu maziwa yaliyookwa ndani ya unga yanachokoza mwili kidogo kuliko maziwa ya kikombe.

Kalsiamu ya mama

Swali la mwisho ni lile ambalo kina mama wenyewe huuliza: mifupa ya mtoto itajengwa na nini? Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji miligramu 200 hivi za kalsiamu kwa siku, na maziwa ya mama yanampa kiasi hicho hata kama mama mwenyewe anakula vibaya. Mwili wa mama unapopungukiwa unaichukua kutoka mifupa yake na kumpa mtoto. Kwa hiyo katika miezi hii anayepaswa kuhesabiwa kalsiamu ni mama. Yeye anahitaji miligramu 1000 kwa siku.

Alipoacha pakiti yake ya maziwa amepoteza miligramu 200 hivi. Si nyingi, lakini alikuwa tayari yuko chini. Tuhesabu siku yake ya kawaida. Bukari ya muhogo, wali, karanga na ndizi, vyote pamoja, havifiki miligramu 100. Kikombe cha maharagi kinaongeza 60 hivi. Sombe ya kutosha, ladi moja kubwa, tuipe 150. Jumla ni kama 300. Lengalenga ina kalsiamu nyingi ukiipima, lakini ina pia asidi inayoifunga ili isiingie mwilini, kwa hiyo tunaila kwa faida zake nyingine bila kuitegemea kwa hii.

Kinachobadilisha hesabu ni ndakala, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaouzwa wakavu. Siri yao ni mfupa: tunawala wazima, na kalsiamu iko ndani ya mifupa. Konzi moja ndogo ya ndakala wakavu, gramu 20, inatoa karibu miligramu 400. Samaki mkubwa wa Lualaba ni chakula kizuri cha protini, lakini mifupa yake tunaitupa, na kalsiamu inakwenda nayo. Kwa hiyo siku yenye ndakala mama anafika 700 hivi, siku isiyo na ndakala anabaki kwenye 300.

Sehemu inayobaki inajazwa na kidonge. Hapa kuna mtego wa kusoma. Kidonge kilichoandikwa kalsiamu kabonati miligramu 1250 kina kalsiamu halisi miligramu 500 tu, kwa sababu kilichobaki ni uzito wa kabonati. Siku ya ndakala kidonge kimoja kinatosha. Siku isiyo na ndakala vinahitajika viwili, kimoja asubuhi na kingine jioni, kwa kuwa mwili haupokei zaidi ya 500 vizuri kwa mara moja. Kinamezwa pamoja na chakula. Kama mama anakunywa pia vidonge vya damu, yaani vya chuma, aviachanishe kwa saa mbili au zaidi, kwani kalsiamu inazuia chuma kuingia. Mtoto hapewi kidonge hiki.

Kalsiamu inahitaji vitamini D ili ipite, na vitamini hiyo inatengenezwa na jua kwenye ngozi. Mama anayelima anaipata. Mtoto anayefungwa katika nguo nzito kutwa haipati. Pale matone yake yanapopatikana, mtoto anayenyonya hupewa yuniti 400 kwa siku.

Miezi sita ikifika

Mtoto anapoanza uji, hesabu inahamia kwake. Sasa anahitaji miligramu 260 kwa siku. Ziwa linampa 120 hivi, na 140 zinazobaki zitoke kwenye sahani. Ndakala wanamtosha tena. Wanachaguliwa wasio na mchanga, wanaoshwa, wanakaushwa tena, wanatwangwa na kuchekechwa mpaka wawe unga laini usio na miiba. Kijiko kimoja cha mezani, gramu 7 hivi, kikipikwa ndani ya uji wa siku kinatoa zile 140. Anza na robo ya kijiko kwa siku chache, uone kama anavumilia. Samaki wa chumvi kama makayabo hafai, kwa sababu chumvi yake ni nyingi kwa figo za mtoto. Kabla ya kununua unga wa uji wa pakiti, angalia: baadhi ya unga ulioongezwa nguvu kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 una maziwa ndani.

Jambo moja linabaki, na ni la hatari. Mtoto mwenye dhana ya aleji akishuka mpaka utapiamlo mkali, atapelekwa hospitali, na huko maziwa ya matibabu ya F-75 na F-100, pamoja na Plumpy'Nut, vyote vina maziwa ya ng'ombe. Mzazi asikatae matibabu hayo kwa kuogopa, wala asifiche habari ya aleji. Utapiamlo mkali unaua ndani ya siku chache, aina ya polepole ya aleji hii haiui hivyo. Mzazi aje na daftari lake, amwonyeshe daktari ni tarehe gani maziwa yaliondolewa, tarehe gani yalirudishwa, na choo kilikuwaje. Daktari atajua aanze na kipi, kwa kiasi gani, na atazame nini.

Mtoto wetu hakufika huko. Alipofikisha miezi saba alikuwa na kilo 7,1, mstari wake ulikuwa umepanda tena, na bibi ndiye aliyekuwa anatwanga ndakala.